Nipitieni tangazo langu kabla sijalibandika: mgane, miaka 64, Mikindani, natafuta mwenza wa kudumu

Mwalimu_Mikindani

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu nilipotimiza miaka 60. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Wanangu wameridhia nioe, isipokuwa mmoja ambaye akipiga simu anauliza wajukuu tu kisha anakata. Kijana wa jirani ameniambia matangazo ya wachumba yanawekwa kule jukwaa la mahusiano, nami nimeandika langu. Kiswahili nimekifundisha, kwa hiyo sarufi msihangaike nayo. Ninachotaka mniambie ni hiki: mwanamke mtu mzima akilisoma, ataelewa nini?

"Mwanaume mgane, miaka 64, mstaafu wa serikali, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nina nyumba yangu ya kisasa na pensheni ya kila mwezi. Afya yangu ni njema, sina ugonjwa wowote wa kuambukiza. Ninaishi na wajukuu wangu wawili, watoto watulivu ambao watafurahi kupata bibi. Natafuta mwenza wa kudumu, mcha Mungu, mpole, umri miaka 35 hadi 50. Wasio makini wapite kando."

Kijana_wa_Chikongola

Shikamoo mwalimu. Mzee bado una moto, 35! Hapo kwenye afya ongeza "nguvu zipo" wajue kabisa. Mengine yako sawa.

Mwalimu_Mikindani

Marahaba. Hilo la nguvu siandiki, hata mkinilipa.

Mama_Korosho

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Masasi, mjane, nimevuka hamsini, nina mikorosho yangu na kibanda cha vitenge. Sikuombi posa, usinielewe vibaya, ila hilo tangazo lako limeandikwa kwa watu kama mimi, basi nikwambie ninavyolisoma.

"Wajukuu wawili ambao watafurahi kupata bibi." Hapo mwanamke yeyote aliyekwisha kulea anafunga simu. Anachosikia ni kwamba kuna sare mbili za kufua, kuna uji wa alfajiri, kuna mtoto wa kumpeleka zahanati usiku akichemka homa, na wa kufanya yote hayo anatafutwa kwa jina la mke. Sisi tumelea wetu, wengine tunalea wajukuu wetu wenyewe sasa hivi. Sisemi watoto ni mzigo. Nasema hujatuambia mzigo huo kwa sasa anaubeba nani. Wazazi wao wako wapi? Nani analipa? Wapo kwako mpaka lini?

Na hiyo 35. Mwanamke wa 35 bado anataka kuzaa. Akijifungua mwakani, mtoto anamaliza shule ya msingi wewe una karibu themanini. Umejiandaa na hilo?

Mwalimu_Mikindani

Mama, umenisomea kama mkaguzi wa shule. Kuzaa tena sitaki. Hiyo 35 alinishauri kijana wa jirani.

Wajukuu ni wa binti yangu wa kwanza, anayefanya kazi Dar es Salaam. Wa kike ana miaka 9, wa kiume 6. Ada, sare na matumizi yao anatuma mama yao. Kuna dada anakuja asubuhi, anapika, anafua, anaondoka alasiri. Mimi nawaamsha, nawapeleka shule, jioni nasimamia kazi za nyumbani na chuo cha Kurani. Likizo ya Juni na ya Desemba wanakwenda kwa mama yao. Makubaliano yetu ni kwamba wa kike akifika kidato cha kwanza jambo hilo litaangaliwa upya.

Mama_Korosho

Sasa hayo ndiyo maneno ya kuandika. Umeona yalivyo tofauti? Kumbe wana mlezi, wana pesa yao, na wewe mwenyewe unawaamsha. Mwanaume wa miaka 64 anayeamsha watoto na kusimamia daftari, wengine tungetembea kwa miguu mpaka Mikindani kumtazama.

Nesi_Kusini

Naomba nirudi kwenye mstari wa afya. Mwalimu, shikamoo. "Sina ugonjwa wowote wa kuambukiza." Nimefanya kazi kliniki ya magonjwa sugu muda mrefu, na mtu wa miaka 64 akiandika hivyo, mimi swali langu ni moja tu: je, yale yasiyoambukiza?

Mwalimu_Mikindani

Presha na sukari. Sukari iligunduliwa nikiwa bado kazini. Natumia vidonge vya yote mawili, sindano bado. Kliniki naenda kila mwezi. Nilidhani hayo mtu anaambiwa mkishazoeana.

Nesi_Kusini

Wengi hudhani hivyo, na ndipo ndoa za ukubwani zinapokwaruzana mapema. Mke mpya anakuta mfuko wa dawa kabatini wiki ya kwanza. Ugonjwa wenyewe haumshtui, maana huenda naye ana presha yake. Kinachomshtua ni kufichwa, na anaanza kujiuliza kabati lingine lina nini.

Andika kwa ufupi kwamba una presha na sukari, unatumia vidonge, unahudhuria kliniki. Vipimo vyenyewe usiweke. Naona wazee wanaandika "presha yangu 130 kwa 80" kama alama za mtihani. Hiyo ni ya siku ile, wiki ijayo inaweza kuwa nyingine, na msomaji haimsaidii. Yeye anataka kujua unaishije. Unatembea mwenyewe? Macho yanasoma? Umewahi kupata kidonda cha mguu? Kuna mtu anayekuogesha au kukupimia dawa? Mwanamke wa umri huu anapima kama anaolewa au anaajiriwa kuuguza. Ukimjibu hapo, umemaliza.

Halafu chakula. Sukari ni ugonjwa wa jikoni. Yule atakayekuja amezoea ugali wa muhogo umejaa sahani na chai tamu, na akikupenda atakupakulia zaidi. Kwa hiyo ni vizuri ajue mapema kwamba kwenu sahani inapimwa, na kwamba hutaki kubembelezwa.

Mwalimu_Mikindani

Natembea asubuhi kutoka nyumbani hadi ufukweni na kurudi. Miwani ya kusomea ninayo. Kidonda sijawahi, miguu naikagua kila usiku kama nilivyofundishwa. Dawa nakunywa mwenyewe, ingawa yule mjukuu wa kike ndiye anayenikumbusha, na ni mkali.

Kijana_wa_Chikongola

Nesi, naomba uliza kwa niaba ya wazee wote: sukari na zile nguvu vipi? Mwalimu hataki kuandika lakini wanawake watataka kujua.

Nesi_Kusini

Swali ni la kweli hata kama umeliuliza kwa utani. Sukari ya miaka mingi inaathiri mishipa ya damu na ya fahamu, na baadhi ya dawa za presha nazo huchangia. Wengine wanapungukiwa, wengine hapana. Ukiona mabadiliko unamwambia daktari wako wa kliniki, anaweza hata kukubadilishia dawa. Usiache vidonge vya presha kimyakimya ili "zirudi". Nimeona waliofanya hivyo wakaletwa wamepooza upande.

Na zile unga na vidonge vinavyouzwa stendi, wazee wangu, viacheni. Hujui kilichochanganywa ndani. Mwenye maumivu ya kifua anayetumia dawa ya kuweka chini ya ulimi, akichanganya na vidonge vya kuongeza nguvu, presha inaweza kuporomoka akafa. Hiyo sikutishii.

Kwenye tangazo jambo hili halikai. Linazungumzwa mkiwa wawili, kabla ya posa.

Mama_Korosho

Na mjue kwamba sisi nasi hatufanani. Wapo wa umri wangu waliofunga duka hilo na wanataka mtu wa kunywa naye chai barazani. Wapo ambao bado. Muulize mwenyewe, usimkisie.

Nesi_Kusini

Nyongeza moja. Mkikubaliana, nendeni mkapime pamoja, VVU na homa ya ini aina ya B, siku moja, mlango mmoja. Wazee wanaona aibu wakidhani hayo ni ya vijana. Umesema huna ugonjwa wa kuambukiza. Ulipima lini?

Mwalimu_Mikindani

VVU nilipima mke wangu alipokuwa anaugua. Hiyo ya ini sijapima. Nitapima. Basi mstari ule naufuta.

Mjuaji_wa_Lindi

Mwalimu, jihadhari na kitu kimoja hakijasemwa. Kwa sheria ya Tanzania ukikaa na mwanamke miaka miwili ni mke wako moja kwa moja, na nusu ya nyumba ni yake. Usimkaribishe mtu nyumbani bila mkataba. Rafiki yangu yamemkuta.

Karani_Mstaafu

Ndugu yangu umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, ngoja nieleze kidogo.

Miaka miwili ipo kweli, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini kinachosema ni kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, inakuwepo dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ikipingwa na kuvunjika, bado mahakama inaweza kuangalia haki za mwanamke. Na "nusu" haipo popote. Wakiachana, kinachogawanywa ni kile walichochuma kwa jasho la pamoja, na kila mmoja anapewa kwa kadiri ya mchango wake. Nyumba aliyoikuta imesimama haimo, isipokuwa kama wameiendeleza pamoja. Kazi za nyumbani nazo mahakama zetu zinazihesabu kuwa ni mchango.

Lakini mwalimu, mimi kinachonisumbua ni hilo neno "nyumba yangu". Ulijenga lini na nani?

Mwalimu_Mikindani

Nilijenga na marehemu. Yeye alikuwa akiuza samaki wa kukaanga na mandazi, mabati yote ni ya fedha yake. Kiwanja kiko kwa jina langu.

Karani_Mstaafu

Na mirathi yake ilifunguliwa?

Mwalimu_Mikindani

Hapana. Nani angeifungua, na mimi nipo hai ndani ya nyumba?

Karani_Mstaafu

Hapo ndipo yule mwanao anayenuna anaponuna, hata kama hajalitamka. Mama yake alikuwa na sehemu katika nyumba ile. Ninyi ni Waislamu, basi katika sehemu ya marehemu wewe mume unarithi robo, kwa kuwa ameacha watoto, na kinachobaki kinakwenda kwa watoto na warithi wengine kama wapo, mathalani wazazi wake wakiwa hai. Mradi hujaoa, hakuna anayeuliza. Siku mke mpya anaingia na sanduku, kila mtoto anaanza kupiga hesabu kimoyomoyo. Ukifa wewe, mjane wako atapata thumni ya mali yako kwa kuwa una watoto, na hapo watoto watasema thumni ya nyumba ipi, wakati nyumba nyingine ni ya mama yetu?

Kwa hiyo kabla ya posa kaa na wanao, mirathi ya mama yao ifunguliwe na sehemu zijulikane, hata kama nyumba haiuzwi na wewe unaendelea kukaa. Ukitaka mke mpya asitupwe nje siku ya pili baada ya arobaini, usitegemee wasia kwake, maana yeye ni mrithi na wasia kwa mrithi unahitaji ridhaa ya warithi wengine. Mpe kitu mkononi ukiwa hai na mzima, hata kiwanja kidogo, kwa hati na mashahidi.

Na kwenye tangazo futa "nyumba yangu ya kisasa". Andika unakaa wapi basi.

Mjuaji_wa_Lindi

Mimi bado nasema mkataba.

Karani_Mstaafu

Andika wako.

Mtu_wa_Nachingwea

Futa na "pensheni ya kila mwezi". Mimi nilistaafu, mafao ya mkupuo yakaingia, nikajitangaza mtandaoni vilevile ulivyojitangaza wewe, mstaafu wa serikali. Akatokea mwanamke, picha nzuri, anasema yuko Dodoma. Akaomba nauli nikatuma. Siku ya safari mama yake akaugua, nikatuma. Nikisema tuonane kwa video, kioo cha simu kimevunjika, nikatuma ya kioo. Namba ya kupokelea kila mara ilikuwa na jina la mwanaume, akasema ni kaka. Huyo kaka nadhani ndiye niliyekuwa nachati naye usiku kucha.

Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba asiyeweza kunipigia tukazungumza kwa sauti mchana kweupe, hana nauli kwangu. Na nauli yenyewe unamkatia tiketi kwa wakala wa basi, pesa mkononi humpi.

Kijana_wa_Chikongola

Pole sana mzee 😂 kioo!

Mtu_wa_Nachingwea

Cheka tu. Utazeeka.

Mmakonde_wa_Newala

Mwalimu, nimesoma uzi wote nimenyamaza. Marehemu shemeji yetu alikuwa mtu wa wapi?

Mwalimu_Mikindani

Wa kwenu. Newala.

Mmakonde_wa_Newala

Nilijua. Basi hao wajukuu unaowaita wako ni wa kwetu. Ni watoto wa binti, na kwa mila yetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo hao wawili ndio ukoo wa marehemu unaoishi nyumbani kwako. Yupo kaka wa marehemu, mjomba wa binti yako. Je, anajua kwamba unatafuta mke?

Mwalimu_Mikindani

Hajui. Yuko Kitangari, tunapigiana simu za sikukuu.

Mmakonde_wa_Newala

Akisikia kutoka mtandaoni atakuja kuwachukua watoto, na sheria zote za karani zitabaki kwenye karatasi. Panda gari uende, usipige simu. Ukimweleza vizuri atakuwa wa kwanza kukutania, kwamba umechelewa. Kwetu hakuna anayetegemea mwanaume akae peke yake, ila wajukuu wasipate mgeni wasiyemjua bila mjomba kuambiwa.

Mama_Korosho

Hili mwalimu lifanye kabla ya yote. Mimi Mmakua, kwetu nako mjomba ni mjomba. Na jambo la jina: usimlazimishe mwanamke aitwe "bibi". Watoto walikuwa na bibi yao. Waache wamwite shangazi, au jina lake kwa heshima, mpaka wenyewe wabadilishe.

Mwalimu_Mikindani

Huyo wa kike ameshasikia fununu. Mimi kila siku namwita mke wangu, utani wa babu na mjukuu. Juzi ananiuliza, "Babu, huyo mke mwenzangu anajua kusuka?"

Mama_Korosho

😂😂 Hilo liandike! Nyie mnahangaika na sheria, hilo ndilo litakaloleta mtu.

Sitti_wa_Ruangwa

Samahani, nimechelewa. Kwani mzee anatafuta dada wa kazi wa wajukuu? Ninaye mmoja, mwaminifu, anajua kupika.

Kijana_wa_Chikongola

Dada rudi mwanzo wa uzi.

Binti_wa_Mstaafu

Swali dogo. Baba yangu ni mstaafu, ana kadi ya NHIF, na marehemu mama alikuwa nayo kama mwenza. Akioa tena, mke mpya anaingia kwenye kadi?

Mjuaji_wa_Lindi

Anaingia, mwenza ni mwenza.

Nesi_Kusini

Usimjibu mtu kirahisi hivyo. Mstaafu na mwenza wake ndio wanaohudumiwa, hilo ni sahihi, lakini mwenza aliyeolewa baada ya kustaafu ni suala la kuulizia ofisi yao ya mkoa ukiwa na cheti cha ndoa. Mwalimu naye asimwahidi mtu bima kwenye tangazo.

Mwalimu_Mikindani

Nimeandika upya. Nisomeeni.

"Mgane, miaka 64, Mwislamu, mwalimu mstaafu, ninaishi Mikindani. Nina presha na sukari. Natumia vidonge, nahudhuria kliniki, natembea kila asubuhi na sihitaji kuuguzwa. Kwangu chai haina sukari na sahani inapimwa. Ninaishi na wajukuu wawili wa binti yangu, miaka 9 na 6. Mama yao anawagharamia, yupo dada wa kuwafulia na kuwapikia mchana, na mimi ndiye ninayewaamsha na kuwasomesha. Sitafuti wa kuwalea, natafuta wa kukaa naye barazani wakishalala. Mjukuu wa kike anauliza kama mke mwenzake anajua kusuka. Ningependa mwanamke wa miaka 50 hadi 62, mjane au aliyeachika, mwenye shughuli na ndugu zake; sitaki watoto wengine. Tutazungumza kwa simu mchana, tutaonana mbele za watu, tutapima afya pamoja, na wanangu na wake watajuana kabla ya posa. Fedha haziombwi wala hazitumwi."

Nesi_Kusini

Afya umeiweka sawasawa. Umri wa miaka 62, nimekuvulia kofia.

Karani_Mstaafu

Safi. Ila kuoana kwenu kusajiliwe, mchukue cheti, msiishie kwa shehe na wali tu.

Mama_Korosho

Umesahau moja, mwalimu, na kwa wanawake wa huku ni kubwa. Atahamia kwako, au? "Mwenye shughuli zake" maana yake ana shamba. Mimi kwa mfano, mwezi wa tano na wa sita napulizia mikorosho salfa, na kuanzia wa kumi mpaka wa kumi na mbili siondoki Masasi, korosho zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha ushirika, AMCOS, na usipokuwepo mwenyewe gunia linapungua njiani. Toka hapa hadi kwako ni kama kilometa 200. Mwanamke mwenye mikorosho yake hataiacha aje kukaa Mikindani mwaka mzima kutazama bahari.

Mwalimu_Mikindani

Sikulifikiria. Mimi na watoto wa shule siwezi kuhama. Lakini Desemba watoto wako Dar, naweza kwenda mimi kuokota korosho. Miezi mingine aje yeye, arudi, aje.

Mmakonde_wa_Newala

Watu watasema mke gani huyo wa msimu.

Mama_Korosho

Waseme. Wengine tumeolewa miaka thelathini na mume tulimwona wa msimu.

Mwalimu_Mikindani

Basi naongeza: "Makazi tutapanga, naweza kuja kwako msimu wa korosho." Silibandiki mpaka nirudi kutoka Kitangari. Gari la Newala linaondoka stendi saa ngapi siku hizi?

Mmakonde_wa_Newala

Wahi alfajiri. Na usiende mikono mitupu, mjomba anapenda samaki wa bahari, papa mkavu hasa.

Sitti_wa_Ruangwa

Nimesoma mwanzo sasa, samahanini. Mwalimu, nina mama yangu mdogo, miaka 57, mjane, ana presha naye. Kusuka anajua. Anauliza chai bila sukari ni kwa wote nyumbani au kwako tu?